Usiandike "Sababu za Kifamilia"

 Na wale mnaotufuata hapa na si Waislamu, hii maneno inawahusu vilevile.

Kuna sentensi moja imenikera sana. Inakuja kwenye barua za wazazi hapa Nakuru, kutoka Bondeni mpaka Kaptembwo, na wengi wanaoiandika ni nyinyi vijana, maana mama akitaka barua anaita kijana aliyemaliza fomu foo aje na kalamu. Sentensi yenyewe ni hii: "Naomba mtoto wangu ahamishwe kwa sababu za kifamilia."

Familia imefanya nini? Familia haijahama, baba hajafukuzwa kazi, na nyumba ni ile ile. Mtoto amepigwa, ameitwa majina, amevuliwa mtandio mbele ya darasa, ameanza kukojoa kitandani akiwa na miaka 13, halafu barua inayobaki kwenye faili la shule inasema shida ilikuwa nyumbani kwao. Yaani aliyeonewa ndiye anayebeba lawama, na ni sisi wenyewe tumemwandikia.

Wacha niwape kisa kimoja, kisha tuongee.

Mwaka jana, 2025, mama mmoja wa hapa mjini alikuja kwetu na karatasi mbili mkononi. Binti yake alikuwa Gredi ya 7 katika shule ya umma ambayo sitaitaja. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya dispensari. Ya pili ilikuwa barua aliyoandikiwa na mpwa wake, kijana mzuri tu, anasoma chuo. Barua ilisema binti "ananyanyaswa sana na wanafunzi wenzake na walimu hawajali". Mwalimu mkuu aliisoma, akairudisha mezani, akamwambia kwa upole, "Mama, hii ukiipeleka hivi itasumbua. Andika tu sababu za kifamilia, mimi nitaweka sahihi leo leo."

Mama alikuwa tayari kubadilisha. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa ameacha kibanda chake cha mboga siku mbili, na mtoto alikuwa amekataa kwenda shule. Mtu wa aina hiyo ukimwambia sahihi inapatikana leo, atakwambia nipe kalamu.

Lakini angalia pale mwalimu mkuu alikuwa na nguvu. Kila mwanafunzi ana namba yake katika mfumo wa serikali, ile tunaita UPI. Namba ikiwa chini ya shule ya kwanza, shule ya pili haiwezi kumchukua kwenye mfumo mpaka ile ya kwanza imwachilie. Pesa za serikali nazo zinafuata hesabu ya mfumo, na kwa mtoto wa junia kiwango kilichowekwa ni shilingi 15,042 kwa mwaka. Sasa mzazi anakuja kulalamika juu ya shule, na wakati huo huo anaiomba shule hiyo hiyo imfungulie mlango. Ndiyo sababu wengi wanakunja mkia. Si woga wa bure, ni hesabu.

Tukakaa na mama barazani, tukamwambia barua haibadilishwi kuwa laini. Inabadilishwa kuwa kali, lakini kwa njia nyingine.

Ile barua ya mpwa ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuwa na kitu cha kushika. "Ananyanyaswa sana" mtu yeyote anaweza kuandika, na mtu yeyote anaweza kukanusha. "Walimu hawajali" ni tusi, si habari. Mwalimu akisoma hapo anakasirika, na akikasirika haoni tena mtoto, anaona mama mkorofi. Kwa hivyo tulimuuliza binti polepole, mama yake akiwa kando, siku baada ya siku. Mtoto hakumbuki tarehe, lakini anakumbuka ilikuwa siku ya mtihani wa hisabati, au siku mvua ilinyesha wakala chakula darasani. Ukienda na daftari zake za shule utapata tarehe. Ilichukua jioni mbili, na mwisho sehemu ya kati ya barua ikasomeka hivi:

"Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne wakati wa mapumziko, wanafunzi watatu wa darasa lake walimvua mtandio nyuma ya madarasa ya Gredi ya 7 na kumwita Al-Shabaab. Alimwambia mwalimu wa darasa siku hiyo hiyo. Jumatatu tarehe 24 Februari nilifika shuleni mwenyewe na kuongea na mwalimu wa darasa, ambaye aliahidi kuwaita wazazi wao. Sijaambiwa kama waliitwa. Alhamisi tarehe 6 Machi, akiwa amefunga, alimwagiwa maji mwilini na kusukumwa, akaumia mkono wa kushoto. Karatasi ya dispensari ya siku hiyo nimeambatanisha. Tangu Ijumaa tarehe 7 Machi amekataa kuja shule."

Hakuna neno "sana" hapo, wala "hawajali". Kuna siku, mahali, kitendo, aliyeambiwa, na alichofanya au hakufanya. Sentensi ile fupi, "Sijaambiwa kama waliitwa," ina uzito kuliko kurasa mbili za kulia. Haimshtaki mwalimu. Inamwachia nafasi ya kujibu, na akinyamaza, kunyamaza kwake nako kumeandikwa.

Majina ya wale watatu tuliyaweka kwenye karatasi ya pembeni, ndani ya bahasha, kwa mwalimu mkuu peke yake. Wao pia ni watoto. Na hapa nawaongelesha nyinyi wenye simu moja kwa moja: barua kama hii hupigi picha ukaitupa kwenye gurupu la WhatsApp la mtaa. Najua mkono unawasha. Lakini ukiitupa huko, kesho binti anajulikana soko zima kama yule aliyevuliwa mtandio, na wale watoto watatu wanatafutwa na vijana wakubwa. Halafu shule itaacha kuongea juu ya uonevu na kuanza kuongea juu yako.

Baada ya sababu likaja ombi lenyewe, na baada ya ombi tukaweka mstari ambao ningependa muukariri: "Ombi hili la uhamisho haliondoi malalamiko yangu. Naomba nijibiwe kwa maandishi hatua gani imechukuliwa." Bila mstari huo, mtoto akishahama watu watasema mambo yaliisha. Wale watatu wanabaki darasani, na dawati linapata mtoto mwingine. Kwani tunahamisha mtoto au tunahamisha kesi?

Barua ilikuwa ya Kiswahili. Mpwa alitaka Kiingereza, ati ndiyo itasomwa. Katiba, Ibara ya 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi za nchi hii. Mama aliielewa barua yake neno kwa neno, na alipoulizwa swali ofisini alijibu mwenyewe. Kuna faida gani ya kizungu kizuri ambacho mwenye sahihi hawezi kukitetea?

Tukatoa nakala nne. Moja ya mwalimu mkuu, moja ya mwenyekiti wa bodi ya shule, moja ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, moja ya mama. Chini ya barua tuliandika wazi kwamba nakala imepelekwa kwa mwenyekiti wa bodi ya shule na kwa ofisi ya kaunti ndogo, ili asije mtu akasema amevamiwa. Ile ya mama ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Hapo ndipo pagumu kuliko barua yenyewe. Karani alisema, "Acha tu hapa, mwalimu akirudi ataona." Barua iliyoachwa mezani bila muhuri haijawahi kufika. Ukinyimwa muhuri, itume kwa njia ya posta ya rejista au kwa barua pepe ya shule, uwe na kitu kinachoonyesha siku.

Sasa sheria inasema nini? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote, iwe ya mwili au ya akili. Anayevunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi 6, au vyote. Mimi sitaki mtoto wa miaka 13 apelekwe korti kwa kumwaga maji, na sidhani mama alitaka. Lakini mtu mzima aliyeambiwa tarehe 11 Februari na tena tarehe 24 Februari anatakiwa ajue kwamba hiki si "utoto tu", kina kifungu chake. Kifungu cha 34 cha sheria hiyo hiyo kinakataza shule inayosajili kumbagua mtoto kwa dini yake, kabila, lugha na mengineyo. Hicho ni cha shule mpya.

Na Katiba, Ibara ya 47, inampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale ambapo uamuzi wa ofisi unagusa haki yake. Kwa hivyo mwalimu mkuu akikataa kumwachilia mtoto, au kaunti ndogo ikisema shule unayotaka imejaa, jibu la mdomo halitoshi. Muulize kwa heshima, "Mwalimu, naomba uniandikie hiyo." Mara nyingi ugumu unaishia hapo. Usipoishia, kuna Bodi ya Elimu ya Kaunti, na uamuzi wa bodi hiyo unaweza kukatiwa rufaa katika Jopo la Rufaa za Elimu, kifungu cha 93. Ngazi zote hizo zinaanza na karatasi moja iliyopigwa muhuri. Huna karatasi, huna ngazi.

Kama mnadhani nazidisha maneno juu ya karatasi, kumbukeni kesi ya hijabu ya Isiolo. Shule ya Kiwanjani, 2014. Kanisa lililofadhili shule likaenda mahakamani kupinga hijabu, na mzazi Mwislamu akaingia katika kesi hiyo ya kanisa na kuleta dai lake humo ndani. Mahakama Kuu haikumkubalia. Mahakama ya Rufaa ikampa haki mwaka 2016 na sisi tukashangilia. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu ile. Si kwa kusema hijabu ni mbaya, hapana. Majaji wengi walisema dai lile liliingizwa kwa mlango usiofaa, kwa hivyo halikuwa mbele ya mahakama inavyotakiwa, na mwenye dai anaweza kuanza upya. Miaka 5 ya kesi, na swali lenyewe likabaki bila jibu kwa sababu ya namna lilivyoandikwa na lilivyopelekwa. Nikiona barua ya "sababu za kifamilia" nakumbuka hukumu ile.

Najua mtakayosema. La kwanza mtasema sitiri. Wazee wetu wengi watakwambia Mwislamu anasitiri aibu, habebi mambo ya binti yake ofisini kwa watu. Kusitiri ni kwa mtu aliyeteleza. Binti yetu ameteleza wapi? Aliyedhulumiwa ameruhusiwa kulisema lililomfika, na mwenye shaka afungue Surat An-Nisaa aya ya 148, kisha amuulize ustadhi wake. Dini hii hii ambayo imetuamrisha kuandika deni, tena na mashahidi, haiwezi kutwambia tufiche mkono wa mtoto uliovimba.

La pili lina nguvu zaidi, na sitalipita haraka. Shule mpya ikisoma sababu, si itamkataa, ati analeta matatizo? Inatokea. Ndiyo maana barua ya malalamiko inakwenda shule ya zamani na ofisi ya kaunti ndogo. Shule mpya inahitaji ombi la nafasi, ripoti fomu, nakala ya cheti cha kuzaliwa na kuachiliwa kwenye mfumo. Hulazimiki kuwapa tarehe zote. Lakini mwalimu wa darasa mpya mwambie, ana kwa ana, kwamba mtoto alionewa na bado ana hofu, amkalishe mbele na amwangalie wakati wa mapumziko. Mtoto akifika bila neno lolote, akanyamaza wiki tatu, ataonekana mjeuri.

Na isome ile barua ya kuachiliwa kabla hujaipokea. Ya huyu binti ilikuja ya kwanza ikisema "ana shida ya kupatana na wenzake". Sentensi ndogo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na ingemfuata mpaka sekondari ya juu. Mama aliirudisha. Alisema, "Mwalimu, hii si kweli, na wewe una barua yangu yenye tarehe." Ikaandikwa upya siku ya pili yake. Angekuwa ameandika sababu za kifamilia, angerudisha kwa hoja gani?

Tusijidanganye pia kwamba huu ni ugonjwa wa shule za wengine. Tunazo madrasa na shule zetu wenyewe ambapo mtoto mweusi zaidi anaitwa majina, ambapo mtoto wa aliyesilimu anachekwa jina la baba yake, ambapo Mnubi, Msomali na Mswahili wanapimana. Mzazi akija na barua ya uhamisho, sisi ndio wa kwanza kusema "tuyamalize nyumbani". Mimi nimeyasikia kwa masikio yangu. Barua ile ile, tarehe zile zile, muhuri ule ule. Msimamizi wa madrasa akikataa kupokea, huyo naye aandikwe kwamba alikataa.

Na uhamisho si dawa ya kila kitu. Kama wale watatu wanakaa ploti moja na mtoto wako na wanapanda matatu moja, utahamisha sare tu. Kama mtoto yuko Gredi ya 9 na tayari amesajiliwa kwa mtihani wa KNEC, fikiria mara mbili na uulize kwanza, kwa sababu usajili huo unamfunga na shule alipo. Pengine unachotaka hasa ni wale wengine wabadilishiwe darasa, na hilo pia linaombwa kwa barua yenye sababu. Sipendi kabisa kwamba ni aliyeonewa ndiye anayefunga begi. Lakini mama alikuwa na mtoto ndani ya nyumba asiyekula, na haki ya mwaka ujao haimlishi mtoto wa leo.

Mwalimu mkuu yule si shetani. Ana darasa lililojaa na walimu wasiotosha, na anajua neno "uonevu" likifika kaunti ndogo, mkaguzi anakuja na kitabu. Ndiyo sababu anapendelea lile neno laini. Lakini mkaguzi kuja na kitabu ndicho kitu hasa tunachotaka, na hakuna njia nyingine ya kumwita.

Barua ilipigwa muhuri Jumatano tarehe 12 Machi. Ofisi ya kaunti ndogo ilimpigia mama simu wiki iliyofuata, wakataka kujua kama alijibiwa. Hakuwa amejibiwa. Siku chache baadaye akaitwa shuleni, na mbele ya mtu wa bodi akaambiwa wazazi wawili kati ya watatu walikuwa wameitwa, wa tatu hakufika. Alipewa kwa maandishi, mistari minne. Binti aliachiliwa kwenye mfumo kabla shule hazijafungwa Aprili, na muhula wa pili akaanza shule nyingine, ng'ambo ya mji.

Mwezi Juni mama mwingine alitutafuta, mtoto wake akiwa darasa lile lile la zamani. Alipokwenda kulalamika, mwalimu alimwambia hawajawahi kupata kesi kama hiyo. Akatuuliza kama kweli. Tulimtumia mama wa kwanza ujumbe kuomba ruhusa, akakubali, akaja yeye mwenyewe na ile nakala yenye muhuri.